Paleti za Nakuru hadi Kisumu: RFID au barkodi?

*Swali: Mtaalamu, mimi ni msimamizi wa godauni hapa Nakuru. Tunapakia paleti kama 120 kwa siku, unga wa ngano na maji ya chupa, karibu zote zinaenda depo yetu ya Kisumu. Tuna milango mitatu ya kupakilia na tunatumia barkodi, lakini mwisho wa mwezi hesabu ya Nakuru na ya Kisumu hazilingani. Paleti tupu nazo zinapotea, kama 60 kwa mwezi, na kila moja tunainunua 2,000. Mkurugenzi ameletewa bei ya RFID akaambiwa itamaliza haya yote. Tuhamie huko au tubaki na barkodi?*

Ndugu msimamizi, bakini na barkodi kwenye mzigo, kazeni utaratibu wa kupakia, na RFID, yaani utambuzi kwa mawimbi ya redio, muiweke kwenye kazi moja tu: paleti tupu. Kufunga RFID kwenye milango yote mitatu sasa hivi ni kulipia dawa kabla ya kupimwa, na kwa mzigo wenye maji mengi hivyo ni dawa yenye madhara yake.

Tuanze na usahihi, kwa sababu hapo ndipo wauzaji huchanganya mambo. Skana ya barkodi ikishindwa kusoma, haitoi mlio, na aliyeishika anajua papo hapo. Ikisoma, namba huwa sahihi karibu kila mara: barkodi ya aina ya Code 128 inayotumika kwenye lebo za paleti ina alama ya ukaguzi ndani yake, na namba ya paleti ya SSCC, yenye tarakimu 18, ina tarakimu yake ya ukaguzi mwishoni. Kwa hiyo makosa ya barkodi mengi si ya mashine, ni ya mkono. Paleti imepita bila kuskaniwa, au karani ameskani lebo zilizobaki mezani badala ya zile zilizo kwenye mzigo.

RFID haimtegemei mtu akumbuke kubonyeza. Paleti inapita langoni, antena zinaiita tagi, yaani kibandiko chenye chipu kilicho kwenye paleti, na tagi inajibu. Lakini tagi isipojibu hakuna mlio wala taa ya kukujulisha. Paleti imepita na mfumo haujui kwamba kuna kitu kilichopita. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka mkurugenzi wako aielewe kabla ya kusaini chochote. Anayeuza atakwambia kwamba lango linasoma asilimia 99. Chukua paleti zako 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: ni paleti 3,120. Asilimia moja ya hizo ni paleti 31 ambazo zimeondoka na hakuna aliyejua.

Sasa, kabla ya kununua chochote, fungua kumbukumbu za skana zako. Chagua malori kumi ya mwezi uliopita, hasa yaliyopakiwa usiku, na kwa kila lori panga skani kwa saa. Foklifti inahitaji dakika moja au mbili kuingiza paleti moja, kwa hiyo lori la paleti 24 lazima lionyeshe skani zilizosambaa kwa karibu nusu saa au zaidi. Ukikuta skani ishirini ndani ya dakika moja, hazikufanywa kwenye mlango wa lori. Kuna mtu ameshika karatasi ya lebo mkononi. Ukikuta pengo la dakika kumi katikati ya upakiaji halafu jumla imepungua paleti tatu nne, basi ziliingia bila kuskaniwa. Na usiishie Nakuru. Angalia upande wa Kisumu: ikiwa kila lori limepokelewa kwa idadi ileile iliyo kwenye noti ya mzigo, na zote zimeingizwa kwa mkupuo mmoja, depo hawaskani mzigo, wananakili karatasi. Hapo hesabu zako mbili haziwezi kugongana siku ya kupokea. Zitagongana siku ya kuhesabu stoo, na wakati huo hakuna anayekumbuka lori lilikuwa lipi.

Kasoro hizo za mkono zinatibika kwa gharama ndogo. Lebo zichapishwe pale paleti inapofungwa nailoni, paleti moja baada ya nyingine, na printa isiruhusu nakala za ziada bila idhini yako. Kila paleti ipate lebo mbili zenye namba moja, kwenye pande mbili zinazopakana, kati ya sentimita 40 na 80 kutoka sakafuni, juu ya nailoni na si chini yake, maana mikunjo na mng'ao wa nailoni huisumbua skana. Kila mlango wa kupakilia uwe na barkodi yake ukutani. Dereva wa foklifti anaskani mlango kwanza, kisha paleti, na mfumo unakataa paleti ambayo si ya lori hilo. Noti ya mzigo isichapishwe mpaka orodha ijae kwa namba. Kisumu nao wasione idadi ya Nakuru kabla hawajamaliza kuskani. Mfumo ndio ulinganishe, si wao.

Jambo moja dogo ambalo godauni nyingi hulipuuza: aina ya lebo. Lebo za joto zisizo na utepe wa wino ni za bei nafuu, lakini jua na joto la ndani ya lori huzififisha au kuzitia weusi mpaka mistari isisomeke. Kwa mzigo unaoteremka hadi joto la Kisumu, tumia zile zinazochapishwa kwa utepe wa wino. Na kwa kuwa mnashughulika na unga, kioo cha skana kipanguswe kwa kitambaa laini kila zamu. Vumbi la unga hujenga ukungu ambao mtu hauoni mpaka skana ianze kukawia.

Turudi kwa RFID na maji yako. Tagi zinazotumika kwa paleti nyingi hazina betri. Zinapata nguvu kutoka kwa mawimbi ya antena yenyewe, halafu zinajibu kwa kuyarudisha hafifu. Maji hunyonya mawimbi ya masafa hayo. Ukibandika tagi ya karatasi kwenye nailoni iliyogusana na chupa za maji, antena inaweza kuisoma kwa karibu sana, au isiisome kabisa, ingawa tagi hiyohiyo kwenye paleti ya unga inasomeka mita kadhaa. Paleti ya maji iliyojaa pia huweka kivuli: tagi iliyo upande wa kushoto haionekani na antena ya kulia. Chuma cha foklifti nacho hurudisha mawimbi na kuziba njia.

Mafundi wanaoijua kazi hii huhamisha tagi kutoka kwenye chupa hadi kwenye gogo la mbao la paleti, chini, ambako kuna hewa kidogo kati ya tagi na maji. Huweka tagi mbili, pande mbili zinazotazamana, na antena pande zote mbili za mlango. Hilo husaidia sana. Lakini mbao zikilowa, masika ya Nakuru yakianza, unyevu unabadilisha tena usomaji, na lango lililokuwa likisoma vizuri mwezi wa pili linaweza kuanza kukosa tagi mwezi wa nne bila mtu kugusa kitu.

Halafu kuna kosa la upande wa pili, ambalo mimi naliogopa zaidi. Lango hilohilo linaloshindwa kusoma paleti ya maji iliyo mbele yake linaweza kusoma paleti ya unga iliyoegeshwa mita tatu kando, ikisubiri lori jingine. Godauni zetu nyingi zina kuta za mabati, na mabati hurudisha mawimbi hadi pembe ambazo hukutarajia. Fikiria lori lako la paleti 24. Paleti 23 zimesomwa sawasawa. Moja ya maji imepita ikiwa imezibwa na mlingoti wa foklifti, haikujibu. Wakati huohuo moja ya unga iliyo nje ya mlango imejibu. Jumla ni 24. Skrini ni ya kijani. Lori linaondoka, Kisumu inapokea paleti ya maji ambayo kwa mfumo bado iko Nakuru, na inakosa paleti ya unga ambayo kwa mfumo iko njiani. Mmepata makosa mawili ambayo yamefichana, na hamna tukio la kuwaambia yalianza lini.

Kinga ya hilo ipo: mfumo ulinganishe namba kwa namba na oda, usiridhike na idadi, mlango uwe na kihisi cha mwanga kinachohesabu kila kilichopita ili tagi isiyojibu ionekane kama pengo, nguvu ya antena ipunguzwe mpaka isome mlango tu, na eneo la mita kadhaa mbele ya lango liwe tupu daima. Hilo la mwisho ndilo gumu. Godauni yenye lori tano kwa siku haina nafasi ya kuacha tupu, na msimamizi akishaanza kuegesha paleti karibu na lango kwa sababu hakuna pengine, usahihi unashuka na hakuna anayehusisha mambo hayo mawili.

Sasa shilingi. Nitatumia makadirio ya soko kwa dola ya karibu shilingi 130. Ukiomba bei utapata juu kidogo au chini kidogo, lakini uwiano hautabadilika sana. Lango moja la RFID, yaani kisomaji, antena nne, nyaya, vihisi na nguzo za chuma za kuzuia foklifti isigonge vifaa, liweke shilingi 350,000. Milango mitatu Nakuru na, tuseme, miwili Kisumu ni 1,750,000. Ongeza printa ya kuandika tagi na programu ya kuunganisha na mfumo wenu wa stoo, ambayo mara nyingi ndiyo inayoongezeka bei katikati ya mradi. Kwa barkodi tayari mna skana na printa. Hata kama mngeanza upya, skana nne ngumu za mkononi za shilingi 70,000 kila moja na printa nzuri ya 150,000 zingekuwa 430,000.

Lebo ndizo zinazoendelea kula pesa kila mwezi. Lebo mbili za barkodi kwa paleti, kama shilingi tatu kila moja pamoja na utepe, ni 720 kwa siku, chini ya 19,000 kwa mwezi. Tagi mbili za karatasi za RFID kwa paleti, tuseme shilingi 20 kila moja, ni 4,800 kwa siku, karibu 125,000 kwa mwezi. Na bado utahitaji barkodi juu yake, kwa sababu mteja wako wa Kisumu huenda hana kisomaji cha RFID.

Mkurugenzi atauliza: je, hatuokoi muda wa wafanyakazi? Tupige hesabu. Kila paleti inaskaniwa mara tatu: kuiweka stoo, kupakia, na kupokea Kisumu. Kila skani, pamoja na kuielekeza skana, ni kama sekunde kumi. Paleti 120 mara tatu mara kumi ni sekunde 3,600. Ni saa moja ya kazi kwa siku, tena imegawanyika kati ya watu wa miji miwili. Hakuna mshahara wa saa moja kwa siku utakaolipa milango mitano. Ikiwa RFID italipa kwenu, italipa kwa kuzuia upotevu, na upotevu wa mzigo wako, kama kumbukumbu za skana zitaonyesha ninachoshuku, unazuilika kwa hatua nilizotaja juu.

Upande wa kazi ya kufunga, barkodi kwenu ni marekebisho ya siku chache na mafunzo ya zamu mbili tatu. Malango ya RFID yanataka fundi apime kila mlango peke yake, aelekeze antena, apange nguvu, ajaribu na mzigo halisi. Umeme wa Nakuru unapokatika na kurudi, kisomaji lazima kiwe kwenye betri ya akiba au kijiwashe na kujiunga na mtandao chenyewe; kama kinasubiri mtu abonyeze, malori yataondoka bila kusomwa. Na kila mnapohamisha rafu au mnapobadilisha mahali pa kuegesha karibu na mlango, upimaji unarudiwa. Kama hakuna mtu mmoja ndani ya kampuni aliyepewa kazi hiyo kwa jina, usianze.

Paleti tupu ni habari tofauti kabisa, na hapa ndipo ningemuunga mkono mkurugenzi. Zinarudi kutoka Kisumu zimepangwa rundo la kumi na tano kwenda juu, mbao kavu, hakuna maji, hakuna unga. Kuziskani kwa barkodi ni kuzunguka kila rundo ukitafuta lebo zilizokwaruzwa na uma za foklifti, na hakuna mfanyakazi atakayefanya hivyo saa kumi na mbili jioni. Kwa RFID, mtu anazunguka rundo na kisomaji cha mkononi na namba zote kumi na tano zinaingia.

Weka tagi moja ngumu ya plastiki, iliyokazwa kwa skrubu kwenye gogo la katikati la paleti, upande wa ndani ambako uma hazifiki. Kadiria shilingi 150 kwa tagi. Kama mna paleti 2,000 kwenye mzunguko, ni 300,000, mara moja, si kila mwezi. Kisomaji cha mkononi kinachosoma RFID na barkodi pamoja, kama 250,000. Jumla 550,000. Unapoteza paleti 60 kwa mwezi kwa shilingi 2,000, yaani 120,000. Ukipunguza upotevu huo nusu tu, umerudisha pesa zako kwa miezi tisa au kumi.

Lakini kuna sharti. Tagi inajua paleti iliyorudi. Haijui isiyorudi iko kwa nani, isipokuwa mmeifunga na mzigo wakati wa kuondoka. Kwa hiyo pale pa kufungia nailoni, lebo ya SSCC ikichapishwa, mfanyakazi asome tagi ya paleti kisha barkodi ya mzigo, na mfumo uunganishe namba hizo mbili. Baadaye noti ya mzigo inapoonyesha kwamba mzigo ule ulienda kwa duka fulani Kisumu, unajua paleti gani ziko huko na kwa siku ngapi. Hapo unaweza kudai amana au kutuma bili. Bila hatua hiyo, utakuwa na orodha sahihi kabisa ya paleti ulizo nazo tayari. Kisumu nao watahitaji kisomaji chao cha mkononi wakianza kukusanya paleti kwa wateja wenyewe, lakini mwanzoni kimoja cha Nakuru kinatosha.

Kwa namba zenyewe, tumia SSCC zilizo chini ya namba ya kampuni yenu kutoka GS1 Kenya, shirika linalotoa namba za barkodi. Zinaanza na 616 baada ya tarakimu ya kwanza. Namba hiyohiyo inaweza kuandikwa ndani ya tagi ya RFID ya mzigo. Ukija kuongeza malango miaka ijayo, hutabadilisha mfumo wa namba, utabadilisha njia ya kuisoma tu.

Mkinunua kisomaji, angalieni masafa. Vifaa vingi vya bei rahisi vinavyouzwa mtandaoni vimepangwa kwa 902 hadi 928 MHz, masafa ya Marekani, na masafa hayo yanaingiliana na bendi ya 900 MHz inayotumiwa na mitandao ya simu hapa kwetu. Omba cha 865 hadi 868 MHz, na muuzaji akuonyeshe idhini ya aina ya kifaa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Tagi hazina shida. Nyingi husomeka kwenye bendi zote mbili.

Na ikiwa mkurugenzi bado anataka lango la mzigo, kubali lango moja la majaribio, na jaribio liandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo. Paleti 24, nusu maji yaliyojaa na nusu unga, zenye namba mlizoandika kwenye karatasi. Zipitishwe kwa foklifti yenu, kwa mwendo wenu wa kawaida, mara kumi: hiyo ni mipito 240. Kando ya lango, mahali mnapoegesha kila siku, wekeni paleti 12 zenye tagi ambazo hazitakiwi kusomwa. Andikeni zilizokosekana na zilizosomwa bila kupita kwenye safu mbili tofauti, kwa namba, wala msizitoe moja kutoka kwa nyingine. Rudieni jaribio na mbao zilizomwagiwa maji. Muuzaji akiomba kujaribu kwa katoni tupu au chupa zisizo na maji, mwambieni alete vifaa siku ambayo lori la maji linapakiwa.